Kijani kilichopotea: video za iPhone kutoka shambani Rungwe hadi kwenye kompyuta ya Windows 7

Alhamisi jioni mvua ikiwa bado inapiga bati za Mwanjelwa, Mbeya, dada mmoja afisa ugani aliingia dukani kwangu akiwa amefunika kompyuta ya kikundi cha wakulima kwa kanga. Jumamosi asubuhi alikuwa na mafunzo ya kubebesha miche ya parachichi katika kijiji kimoja upande wa Tukuyu. Alikuwa amerekodi video 11 kwa iPhone 13 yake, jumla dakika 38, akimfuata mzee mmoja anayebebesha miche kwa kisu vizuri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mpango ulikuwa aonyeshe video hizo ofisi ya kijiji, kwa projekta na kompyuta ya kikundi yenye Windows 7, kisha kila mkulima aondoke na nakala kwenye simu yake.

"Kaka, sauti inasikika vizuri tu, mzee anaongea, lakini picha ni giza."

Sentensi hiyo moja ilinipa nusu ya jibu kabla sijagusa chochote. Sauti ikitoka na picha isitoke, maana yake faili limefunguka na halijaharibika. Kompyuta imesoma vilivyomo, imeitambua sauti, ikashindwa kuifumbua picha. Faili bovu kwa kawaida halifunguki kabisa, au linacheza kidogo na kukwama.

Kumbe alikuwa ameshapewa ushauri njiani: kijana mmoja alimwambia abadilishe jina la faili, afute .MOV aandike .mp4. Alifanya hivyo kwa mafaili yote aliyokuwa nayo, na hakuna kilichobadilika. MOV ni gunia tu. Ndani ya gunia hilo kuna picha iliyofungwa kwa njia yake na sauti iliyofungwa kwa njia yake, na njia hiyo ya kufunga ndiyo tunayoiita kodeki. Ukifuta maandishi "viazi" juu ya gunia ukaandika "mahindi", mpishi akilifungua atakuta viazi vilevile.

Kodeki iliyokuwa ndani ni HEVC, ambayo pia huitwa H.265. Kiwango hicho kilikamilika mwaka 2013, na simu za iPhone zilianza kurekodi nacho zilipopata iOS 11 mwaka 2017. Windows 7 ni ya mwaka 2009, kwa hiyo haikuwahi kukijua. Inachokijua ni H.264, kodeki ya mwaka 2003, ambayo karibu kila kifaa cha miaka kumi na tano iliyopita kinaweza kuicheza. Kazi yangu basi ilionekana nyepesi: toa HEVC, weka H.264, rudisha kwenye gunia la mp4. Niliamini hivyo kwa muda wa saa moja hivi.

Naeleza kwa nini sikumwekea tu kicheza video cha VLC kwenye ile kompyuta, maana swali hili huulizwa kila mara. VLC inafungua HEVC bila kuongezewa kitu, hata ndani ya Windows 7. Lakini kompyuta ya kikundi ni ya zamani, na haina kifaa ndani yake cha kufumbua HEVC, hivyo kazi yote inaangukia prosesa. Nilijaribu mbele yake: picha ilitembea sekunde mbili, ikaganda, sauti ikatangulia. Na hata kama ingeweza, bado zilikuwepo simu za wakulima, na simu ya mkulima huwezi kuiandalia programu moja baada ya nyingine huku watu wanasubiri kurudi shambani.

Kwanza nilizichukua video upya kutoka kwenye simu yake, maana zile alizokuja nazo kwenye flashi zilikuwa 9 tu. Mbili ndefu zilikataa kunakiliwa, na kompyuta yake ilikuwa ikiandika "A device attached to the system is not functioning". Ujumbe huo unatisha kuliko ulivyo. Simu ikiwa imewekwa Automatic kwenye sehemu ya Transfer to Mac or PC, inajaribu kuigeuza video wakati huohuo inapoipitisha kwenye waya, na video ndefu huweza kukatisha zoezi. Tuliingia Settings, tukafungua Photos, tukashuka hadi chini kabisa tukachagua Keep Originals. Zote 11 zikapita, zikiwa zile za asili, kama gigabaiti 2.4 hivi.

Hapo nilifanya jambo ambalo ningeomba kila mwenye duka kama langu alifanye kabla ya kugeuza faili lolote. Nililiuliza faili lenyewe lina nini, kwa ffprobe, chombo kinachokuja pamoja na ffmpeg, programu ya kugeuza video kwa kuandika amri:

```
ffprobe -hide_banner IMG_4127.MOV
```

Majibu ni mistari mingi, lakini ulio na maana ni mmoja, ule wa Video. Wa kwake ulikuwa na maneno haya: `hevc (Main 10)`, kisha `yuv420p10le`, kisha `bt2020nc/bt2020/arib-std-b67`. Jioni ile nilisoma neno la kwanza tu, hevc, nikaendelea. Hilo lilinigharimu, kama nitakavyoeleza. Niliandika amri fupi niliyoizoea:

```
ffmpeg -i IMG_4127.MOV -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac jaribio.mp4
```

Kwenye kompyuta yangu, ndani ya VLC, jaribio lilicheza safi. Nikalipeleka kwenye ile ya Windows 7. Sauti ipo, picha giza. Ilikuwa ileile.

Nikarudia ffprobe, safari hii kwa faili jipya, na jibu likawa `h264 (High 10)` na `yuv420p10le`. Ile 10 ndiyo iliyokuwa ikinisubiri tangu mwanzo. iPhone kuanzia ya 12 hurekodi video kwa HDR usipoizima, yaani namna ya kurekodi inayobeba mianga na rangi nyingi kuliko video ya kawaida, na HDR hiyo hutumia biti 10 kwa kila rangi, yaani ngazi 1024 za mwanga badala ya 256 za biti 8. Usipoiambia ffmpeg chochote, inajitahidi isipoteze kitu: imepokea biti 10, inatoa biti 10. Matokeo yake ni H.264 ya biti 10, mnyama adimu ambaye kicheza video cha Windows 7 hakimjui na vifumbuzi vya simu havimjui. Kwa jina ni H.264, lakini siyo ile H.264 ambayo vifaa vya zamani vimezoea. VLC ilinidanganya kwa sababu yenyewe inafungua karibu kila kitu. Tangu siku hiyo sipimi kazi ya mteja kwa VLC.

Dawa ya hilo ni maneno machache ndani ya amri, `-pix_fmt yuv420p`, yanayolazimisha biti 8. Nikayaongeza, nikapeleka, na picha ikaonekana. Dada alifurahi, akaanza kukunja kanga yake. Mimi nilikuwa tayari kuanza mafaili mengine kumi.

Kisha tukafika dakika ya pili ya video.

Hapo mzee ameshika kikonyo, kile kitawi kinachobebeshwa juu ya mche, amekikata ncha kwa mlalo pande mbili kama kabari, na anakwangua gome la shina la mche kwa ncha ya kisu. Chini ya gome kuna tabaka jembamba la kijani kibichi. Somo lote la kubebesha liko hapo: kijani cha kikonyo kikutane na kijani cha shina, angalau upande mmoja, la sivyo kikonyo hukauka. Kwenye simu yake ya iPhone kijani kile kinang'aa kama jani la kabichi baada ya mvua. Kwenye kompyuta ya kikundi kilikuwa kijivu. Gome lilikuwa kijivu, kijani kilikuwa kijivu chenye dalili ya kijani, na mkono wa mzee ulikuwa kama umepakwa majivu.

"Kaka," akasema taratibu, "somo liko hapo, na halionekani."

Alikuwa sahihi kabisa, na nilishukuru alikuwepo. Mimi ningetazama kama inacheza, nikamkabidhi.

Sababu iko kwenye yale maneno ya mwisho ya ule mstari. `bt2020` inaeleza kwamba rangi zimeandikwa kwa kipimo kipana, na `arib-std-b67` ni jina la HLG, namna HDR ya iPhone inavyoandika mwanga. Kioo cha kawaida kinasoma kwa kipimo kingine, chembamba, kiitwacho BT.709. Fikiria debe na kopo. Aliyepima anasema "nusu" akimaanisha nusu debe, na wewe unasoma "nusu" ukimimina nusu kopo. Namba ni sahihi ila kipimo siyo, na rangi zote zinatoka chache kuliko zilivyotakiwa. Ndiyo maana picha hupauka. `-pix_fmt yuv420p` ilipunguza biti tu, haikubadilisha kipimo. Na ukijaribu kuongeza rangi kwa macho baadaye, ngozi inageuka ya chungwa kabla majani hayajawa ya kijani. Niliwahi kufanya hivyo kwenye video ya harusi miaka ya nyuma, na sikuelewa kwa nini haikukaa sawa.

Kinachotakiwa ni kuhesabu upya: kuirudisha picha kwenye mwanga wenyewe, kuibana mianga mikali iingie ndani ya uwezo wa kioo cha kawaida, kisha kuiandika kwa BT.709. Amri iliyofanya hivyo ni hii:

```
ffmpeg -n -i IMG_4127.MOV -map 0:v:0 -map 0:a:0 ^
 -vf "fps=30,zscale=t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=hable:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv,format=yuv420p" ^
 -c:v libx264 -profile:v main -crf 18 ^
 -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart IMG_4127.mp4
```

Ni ndefu, lakini inasomeka ukiifuata kama njia. `t=linear` inarudisha mwanga, `p=bt709` inabadilisha kipimo cha rangi, `tonemap=hable` inabana mianga mikali, na `format=yuv420p` mwishoni ndiyo ile ya biti 8. `fps=30` niliiweka kwa sababu iPhone haitoi fremu kwa mwendo ulio sawa muda wote, na vicheza video vya zamani huweza kuachanisha mdomo na sauti kadiri video inavyoendelea. Zile `-map` mbili zinachukua picha na sauti peke yake na kuacha takwimu nyingine ambazo simu huzipachika humo ndani. Ukipata jibu `No such filter: 'zscale'`, amri haina kosa: ffmpeg uliyonayo imejengwa bila kipande hicho, tafuta toleo kamili.

Tulifungua matokeo kwenye Windows 7 tukasimamisha palepale, dakika ya pili. Kijani kilikuwepo. Hakikung'aa kama kwenye iPhone, na hakiwezi, kwa sababu kioo kile hakina mwanga huo. Lakini kilitengana na gome waziwazi, na mkono wa mzee ulikuwa na damu ndani yake. Sehemu za kivulini zilitoka na giza kidogo, tabia ya hable. Kwenye klipu mbili zilizopigwa chini ya migomba niliandika `mobius` badala ya `hable` na zikafunguka vizuri zaidi. Video ya jua kali ningeiachia hable, mawingu yake hubaki na umbo.

Gharama ya hesabu hiyo ni muda. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikionyesha `speed=0.4x`, maana yake dakika 38 za video zinahitaji kama dakika 95. Niliziweka zote kwenye mstari mmoja wa `for`, unaorudia amri kwa kila faili, nikamwambia dada aende akalale, na mimi nikabaki.

Saa nne na nusu usiku umeme ukakatika.

Uliporudi nilikuta mafaili sita yamekamilika na la saba lipo, lina ukubwa wa kuridhisha kabisa, ila halifunguki. Jibu lilikuwa `moov atom not found`. Mp4 huandika faharasa yake mwishoni, baada ya picha zote, kwa hiyo kazi ikikatizwa katikati unabaki na kurasa zisizo na faharasa na hakuna kicheza video kinachojua pa kuanzia. Faili la hivyo usipoteze usiku kulitibu wakati asili unayo. Nililifuta, nikaanzisha mstari uleule. Ile `-n` mwanzoni mwa amri inaruka mafaili yaliyokwisha kuwepo, ndiyo maana ni lazima kulifuta lile bovu kwanza, vinginevyo nalo litarukwa.

Ijumaa ikawa ya simu. Dada alileta simu tatu za wakulima, mbovu kuliko zote alizoweza kuazima, kama nilivyomwomba. Hili nilisisitiza: nisiletewe simu ya mwenyekiti, niletewe ile iliyofungwa raba. Faili la kompyuta lilicheza kwenye mbili na kwenye ya tatu likakwamakwama. Simu za aina hiyo zina uhakika na H.264 ya daraja la chini kabisa, Baseline, yenye kimo cha 720. Nakala ya simu nikaitoa kwenye lile faili la kompyuta lililokwisha kurekebishwa rangi, sikurudi tena kwenye MOV. Ni kweli picha inapita kwenye mashine mara mbili, lakini ukishuka kutoka 1080 kwenda 720 jicho halioni hasara, na hesabu ndefu ya rangi huirudii.

```
ffmpeg -n -i IMG_4127.mp4 -vf scale=-2:720 ^
 -c:v libx264 -profile:v baseline -level 3.1 ^
 -crf 23 -maxrate 2M -bufsize 4M ^
 -c:a aac -b:a 96k simu_4127.mp4
```

`-maxrate 2M` ndiyo iliyomaliza kukwama. Majani yanayotikisika na upepo hula data nyingi sana, na bila kizuizi faili linapanda ghafla mahali hapo na simu dhaifu inaishiwa pumzi. Kwa kizuizi hicho dakika moja haizidi kama megabaiti 16, hivyo somo zima likaingia ndani ya megabaiti 600 na kutosha hata kwenye memori kadi ndogo.

Asiyependa kuandika amri anaweza kupita kwenye programu ya HandBrake na kufika karibu palepale. Chagua Fast 720p30, hakikisha kodeki ni H.264 (x264) na siyo ile yenye neno 10-bit, weka Constant Framerate, na kwenye kichupo cha Filters, mstari wa rangi, uchague BT.709. Huo mstari wa rangi ndio watu wengi hawaufungui, na ndio uliobeba kijani.

Kabla hajaondoka tulirekebisha simu yake kwa ajili ya safari ijayo. Settings, Camera, Record Video, tukazima HDR Video. Kisha Camera, Formats, tukachagua Most Compatible. Sasa atarekodi H.264 ya biti 8 moja kwa moja. Nilimweleza bei yake pia, maana nafasi kwenye simu ni mali: dakika moja ya 1080 kwa fremu 30 iliyokuwa megabaiti 60 hivi itakuwa 130. Gunia bado litakuwa MOV, lakini kilichomo kitakuwa kimeshakuwa sahihi, hivyo kulihamishia kwenye mp4 ni kazi ya sekunde chache bila kugeuza picha:

```
ffmpeg -i IMG_4200.MOV -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c copy IMG_4200.mp4
```

Njia hiyo ina mtego mmoja kwa anayepiga video simu ikiwa wima. iPhone haizungushi picha, inaandika tu pembeni kwamba "hii izungushwe", na `-c copy` inaacha maandishi hayo yalivyo. Windows 7 haiyasomi, na mzee atatokea amelala ubavu. Kugeuza picha kama tulivyofanya mwanzo huizungusha kabisa. Dada alisema atapiga simu ikiwa imelala tu, na ni uamuzi mzuri kwa mtu atakayetumia projekta.

Jumamosi nilipanda gari naye hadi kijijini, nilitaka kuona kwa macho yangu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba na chumba kilikuwa na giza zuri la projekta. Video ya nne ilipofika pale mzee anapokwangua gome, mama mmoja wa mbele aliinua mkono akaomba isimamishwe, akasogea hadi kwenye shuka jeupe tuliloning'iniza ukutani, akaweka kidole juu ya ule mstari wa kijani na kuwaonyesha wenzake kwa Kinyakyusa. Dada akairudisha nyuma sekunde kumi, mara tatu.

Tuliponakili kwenye simu, moja tu ilishindwa, simu ndogo ya zamani iliyocheza kwa kurukaruka hata nakala ya 720. Mwenye nayo alikuwa babu aliyetembea kutoka kitongoji cha juu. Nilikuwa na kompyuta yangu, nikamtengenezea palepale klipu ile moja ya dakika sita kwa `scale=-2:480`, ikachukua chini ya dakika tatu. Aliishika simu karibu na jicho, akaicheza hadi mwisho bila kuniangalia, akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, akaifunga kwenye leso yake akaanza kupanda mlima.